Barua ya maombi huanzia kwenye rejista: kwa mhudumu wa afya ya jamii anayeomba kazi kwenye shirika

"Nimefanya kazi ya kuifikia jamii kwa miaka mitatu, ninatunza kumbukumbu vizuri na ninazungumza lugha tatu." Sentensi hii, au ndugu yake wa karibu, imo katika barua nyingi za wahudumu wa afya ya jamii wanaoomba kazi kwenye mashirika ya afya yasiyo ya kiserikali. Haina uongo ndani yake. Shida ni kwamba msimamizi wa mradi akishaisoma anabaki na maswali yaleyale aliyokuwa nayo kabla ya kuifungua bahasha: kaya ngapi, mara ngapi, ulifanya nini ulipoingia ndani, uliandika wapi, nani alikagua ulichoandika, na lugha hizo tatu unaweza kuzifanyia kazi gani?

Anayesoma maombi haya mara nyingi ni muuguzi au tabibu ambaye naye amewahi kusimamia wahudumu. Amefunua rejista nyingi. Anajua ukurasa uliojazwa siku kwa siku unavyoonekana, anajua pia ule uliojazwa wote jioni ya mwisho wa mwezi kwa kalamu moja. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote la barua, fungua rejista yako ya mwezi mmoja uliokamilika na uhesabu. Ukiwa umeshaikabidhi kituoni, omba kuisoma hapohapo mbele ya msimamizi wako na uondoke na jumla tu. Majina yabaki kitabuni.

Kuifikia jamii ni kazi tatu tofauti

Neno "kuifikia jamii" limebeba mambo ambayo mradi huyahesabu kila moja kivyake. Kuna ziara za kaya, ambapo mhudumu anakwenda nyumba kwa nyumba katika eneo lake la kudumu. Kuna huduma za mkoba, ambapo wataalamu wa kituo wanakwenda mahali palipo mbali na kituo wakiwa na chanjo na mizani, na mhudumu kazi yake ni kuwaita walengwa, kupanga foleni, kupima na kuandikisha. Na kuna mikutano ya uhamasishaji, ambako watu 80 wanasikiliza ujumbe mmoja na kutawanyika. Mtu aliyehutubia mikutano kumi hajafanya kazi sawa na aliyerudi kwenye mlango uleule mara kumi. Barua inayochanganya vyote kwa maneno "niliwafikia watu 2,000" inamlazimisha msomaji akisie, na msomaji aliyebanwa na muda atakisia chini.

Taja kila kazi kwa jina lake. Anza na ziara za kaya, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha uvumilivu na ndizo zenye kumbukumbu nyingi zaidi.

Tuchukue mfano wa mwombaji mmoja wa kubuni na tuhesabu naye. Rejista yake ya kaya ina kaya 96. Mwezi tunaoutazama ulikuwa na ziara 131. Barua yake ya kwanza iliandika "nilitembelea kaya 131 kwa mwezi", na hapo tayari kuna kosa ambalo msimamizi ataliona kabla ya kumaliza mstari: mtu mwenye kaya 96 hawezi kutembelea kaya 131. Kilichotokea ni kwamba ziara na kaya vimechanganywa. Nyumba yenye mtoto mchanga ilitembelewa mara tatu, nyumba yenye mgonjwa anayemeza dawa za kifua kikuu ilitembelewa kila wiki, na nyumba nyingi zilitembelewa mara moja. Ukihesabu milango badala ya safari, unapata kaya 82.

Sasa zimebaki 14 ambazo hazikufikiwa, na hizi ndizo zenye thamani kubwa kwenye barua. Rejista inaonyesha kuwa nyumba tano zimehama na tisa zilikutwa zimefungwa mara mbili. Zilizohama hazipaswi kuendelea kuhesabiwa miongoni mwa zinazotarajiwa, mradi jirani au kiongozi wa mtaa amethibitisha na tarehe ya kuondoka imeandikwa. Kwa hiyo mwombaji wetu alikuwa na kaya 91 halisi na alizifikia 82, yaani asilimia 90. Angezidi kuzibeba zile tano, angepata asilimia 85 na kujipunja. Angezifuta bila kuthibitisha, angejipa sifa isiyo yake. Anayeweza kueleza tofauti ya namba hizi mbili kwa sentensi moja ameshajibu nusu ya swali la utunzaji wa kumbukumbu kabla hajaulizwa.

Kanuni ni hiyohiyo kwa watoto. "Nilipima watoto 51 hali ya lishe" ni namba isiyo na miguu mpaka uweke pembeni yake idadi ya waliostahili kupimwa. Utepe wa kupimia mzingo wa mkono hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, kwa hiyo walio chini ya miezi sita hawaingii kwenye hesabu hii hata kama wako chini ya miaka mitano. Tuseme rejista ina watoto 62 wa umri huo. Amepima 51, saba wako kwenye nyumba zilizofungwa, wanne wameondoka na familia zilizohama. Jumla inakubali: 51 na 7 na 4 ni 62. Jumla ikikataa, usiitie kwenye barua mpaka umeijua sababu.

Halafu eleza upimaji wenyewe kwa maneno machache yanayoonyesha kwamba utepe umeushika wewe. Mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umening'inia kwa kulegea, utepe ukigusa ngozi bila kuibana. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali na rufaa ni siku hiyohiyo. Kuanzia 115 mpaka chini ya 125 ni utapiamlo wa kadiri. Andika milimita, usiandike rangi peke yake. "Njano" inaweza kuwa 124 inayopanda au 116 inayoshuka, na mhudumu aliyeandika rangi tu hawezi kujua ni ipi atakaporudi baada ya wiki mbili.

Rufaa: kutuma ni nusu ya kazi

Waombaji wengi hutaja rufaa walizotoa. Wachache hutaja zilizofika. Fomu ya rufaa kwa kawaida ina sehemu mbili: moja inabaki kituoni, nyingine inarudi kwa mhudumu ikiwa na maelezo ya kilichofanyika. Kipande hiki cha mrejesho ndicho ushahidi, na ndicho kinachopotea mara nyingi. Mama anakiweka ndani ya kadi ya mtoto na kukisahau, au mtoa huduma kituoni anabaki na fomu nzima kwa sababu hakuelezwa kwamba sehemu ya chini inatakiwa irudi.

Mwombaji wetu ana rufaa 11 kwa mwezi ule: mtoto mmoja mwenye kipimo chekundu, wawili wanaopumua haraka, wajawazito watatu, na watoto watano waliokosa chanjo. Vipande vya mrejesho vilivyorudi ni vinane. Je, aandike nane kati ya 11 na kuishia hapo? Akienda kwenye ziara za ufuatiliaji anakuta kadi ya mtoto mmoja imegongwa tarehe ya chanjo kituoni, kwa hiyo huyo alifika ingawa karatasi haikurudi. Mama mwingine anasema alikwenda lakini hana kadi wala karatasi. Wa mwisho hakwenda. Namna safi ya kuandika ni hii: rufaa 11, nane zimethibitishwa kwa mrejesho, moja kwa kadi, mbili hazijathibitishwa. Yule aliyesema alikwenda anabaki upande wa wasiothibitishwa. Si kwamba mama anadanganya. Ni kwamba neno la mdomo haliwezi kukaguliwa na mtu wa tatu, na barua yako inasomwa na mtu wa tatu.

Kuna jaribu la kuandika 11 kati ya 11. Nionavyo mimi, asilimia mia kwenye rufaa humtia msimamizi mashaka kuliko asilimia 80. Anajua umbali ulivyo, anajua nauli, anajua mume aliyesafiri na ruhusa. Namba kamili kupita kiasi humfanya aulize ulithibitishaje, na usipokuwa na jibu, namba zako nyingine zote zinaanguka pamoja na hiyo.

Kumbukumbu

"Ninatunza kumbukumbu vizuri" ifutwe. Badala yake taja vitabu na fomu ulizotumia, na kila kimoja kilikuwa na kazi gani: rejista ya kaya, rejista ya watoto wagonjwa, fomu za rufaa, karatasi ya kujumlisha, ripoti ya mwezi. Taja mnyororo pia, yaani ziara inaandikwa kwenye rejista palepale nyumbani, mwisho wa mwezi rejista inahesabiwa kwenda kwenye karatasi ya kujumlisha, karatasi inakwenda kwenye ripoti, ripoti inakwenda kituoni na kuingizwa kwenye mfumo, ambao katika nchi nyingi ni DHIS2. Makosa mengi huzaliwa pale data inapohama kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Mwombaji anayejua ni hatua ipi humletea makosa anaonekana mara moja kuwa ameifanya kazi.

Kipimo kimoja cha ubora kinafaa kutajwa kwa sababu ni rahisi na kinajulikana na kila mkaguzi. Chukua namba iliyo kwenye ripoti, rudi kwenye rejista uhesabu upya mstari kwa mstari, gawanya ulichokihesabu upya kwa kilichoripotiwa. Tuseme ripoti ya mwezi ule ilisema ziara 138 na rejista ina mistari 131. Ukigawanya 131 kwa 138 unapata 0.95, yaani ripoti ilizidisha kidogo. Miradi mingi huvumilia tofauti isiyozidi asilimia 10 kwa kila upande. Kilicho muhimu zaidi ni zile ziara saba zimetoka wapi. Kwa kawaida utakuta siku moja yenye kazi nyingi, kama siku ya kampeni ya chanjo, ambapo alama zilichorwa kwenye karatasi ya kujumlisha mara mbili, au ziara zilizofanywa kweli lakini hazikuandikwa kwenye rejista kwa kuwa kitabu kilibaki nyumbani. Mambo haya mawili yana dawa tofauti. La kwanza linatibiwa kwa kujumlisha kutoka kwenye rejista peke yake. La pili linatibiwa kwa kuacha kutoka bila kitabu.

Kuna mambo mengine mawili madogo ambayo hutenganisha mwandikaji mzoefu na asiye mzoefu.

La kwanza ni umri. Andika tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye kadi, na usiridhike na "mwaka 1". Mtoto mwenye kikohozi anayepumua mara 46 kwa dakika hana tatizo la kupumua haraka akiwa na miezi 11, kwa sababu kiwango cha miezi 2 hadi 11 ni 50 au zaidi. Mtoto huyohuyo akiwa na miezi 13, pumzi 46 ni kupumua haraka, kwa kuwa kiwango cha miezi 12 hadi 59 ni 40 au zaidi. Rejista iliyoandika "mwaka 1" kwa kukadiria imefanya uamuzi wa matibabu bila mwenyewe kujua.

La pili ni namba zinazofanana mno. Pumzi zinahesabiwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia. Anayehesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hupata namba shufwa tu, na anayehesabu robo dakika hupata namba zinazogawanyika kwa nne. Msimamizi akipitisha kidole kwenye mistari 40 na kukuta 36, 44, 48, 52, 40 bila hata witiri moja, hahitaji kuuliza. Vivyo hivyo milimita za mkono zikiishia zote kwenye sifuri na tano. Ukikuta rejista yako iko hivyo, usiifute wala kuibadilisha. Kuanzia ukurasa unaofuata hesabu dakika nzima, na ukiulizwa sema ukweli.

Nafasi tupu nayo ina lugha yake. Sifuri maana yake "niliangalia, hakuna". Nafasi tupu maana yake "sijui kama niliangalia". Wanaojaza mfumo kituoni mara nyingi huzigeuza nafasi tupu kuwa sifuri, na mwezi ambao mhudumu alikuwa mgonjwa unaonekana kama mwezi ambao hakuna mtoto aliyeharisha.

Kama umetumia simu badala ya karatasi, taja programu kwa jina, CommCare, ODK au KoboToolbox, kisha taja ulifanyaje mtandao ulipokosekana. Fomu hujazwa bila mtandao na kukaa ndani ya simu mpaka itumwe. Kosa la kawaida ni fomu kumi zilizokamilika ambazo hazijaondoka, na simu inapotea au inafutwa ikiwa nazo. Sentensi kama "kila Ijumaa nilikwenda penye mtandao, nikabonyeza `Sync with Server` na kulinganisha idadi ya fomu zilizotumwa na mistari ya daftari langu" inamwambia msomaji mengi kuliko "nina ujuzi wa kompyuta".

Jambo moja halina mjadala: usiambatishe picha ya ukurasa wa rejista kwenye maombi, hata kama umefunika majina kwa kidole. Anayefanya hivyo anafikiri anaonyesha ushahidi, kumbe anaonyesha kwamba akipewa siri za watu atazibeba hadi kwenye barua ya kuomba kazi. Funika pia hadithi. "Nilimsaidia mama wa mapacha anayeishi na virusi vya Ukimwi" katika eneo la kaya 96 ni sawa na kutaja jina lake.

Lugha

Hapa ndipo barua nyingi hupita haraka zaidi, na ni hasara. Maneno "vizuri", "wastani" na "kidogo" hayamwambii msimamizi kama anaweza kukutuma peke yako kwenye nyumba ambayo hakuna anayejua lugha nyingine. Panga lugha zako kwa kazi. Ipo lugha unayoweza kufanyia ziara nzima: kuomba idhini, kuuliza dalili, kueleza dawa, kusikiliza malalamiko na kujibu. Ipo ambayo unaweza kuulizia maswali ya fomu lakini jibu refu likija unapotea. Ipo ambayo unasalimia na kuomba mtu wa kutafsiri. Na ipo lugha ya maandishi, ile ambayo rejista na fomu za rufaa zimeandikwa, ambayo huenda isiwe lugha ya nyumba hata moja kati ya unazozitembelea.

Pengo kati ya lugha ya nyumba na lugha ya fomu ndilo linalozalisha makosa, kwa sababu tafsiri inafanyika kichwani mwa mhudumu akiwa amesimama mlangoni. Hata ndani ya Kiswahili chenyewe pengo hilo lipo. Fomu inauliza kama kifua cha mtoto "kinabonyea". Mama atasema mtoto anahema, anatweta, kifua kimembana, au mbavu zinaingia ndani. Hiyo ya mwisho ndiyo dalili ya hatari tunayoitafuta, zile nyingine zinaweza kuwa kupumua haraka au mafua tu. Neno "homa" kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni malaria, kwa mwingine ni mafua. Ukiuliza "mtoto ana homa?" na kuandika ndiyo, hujui umeandika nini. Uliza kama mwili umekuwa wa moto, tangu lini, kisha pima au gusa. Kwa kuharisha, uliza choo chepesi cha maji kimetoka mara ngapi tangu jana saa kama hizi. Mara tatu au zaidi ndiyo kuharisha kwa maana ya fomu. Swali la "anaharisha?" huleta jibu la mama, na mama wa mtoto anayenyonya ana kipimo chake cha choo cha kawaida, ambacho mara nyingi ni sahihi kuliko unavyodhani.

Mwombaji mwenye lugha tatu angefanya vema kuandika mfano mmoja wa namna hii kutoka kila lugha anayoifanyia ziara nzima. Mstari mmoja unatosha: neno la fomu, neno la nyumbani, na swali analouliza ili kuyatenganisha. Hakuna cheti cha lugha kinachoweza kushindana na mstari huo.

Taja pia unavyofanya lugha inapokosekana. Jibu linalotafutwa ni mkalimani mtu mzima ambaye mwenye nyumba amemkubali, na kwa mambo ya uzazi wa mpango, ujauzito au virusi vya Ukimwi, mkalimani asiwe mume, mkwe wala mtoto wa nyumba hiyo. Mtoto wa shule anayemtafsiria mama yake dalili za ukeni ataruka maneno, na mama naye ataficha. Usipompata mkalimani anayefaa, andika kwenye rejista kwamba ziara haikukamilika kwa sababu ya lugha, na umwombe mwenzako anayeijua aende. Mistari ya namna hiyo ikiwa mingi, shirika linajua pa kuajiri mtu mwingine.

Kwenye usaili lugha hupimwa kwa vitendo. Jaribio la kawaida ni kumweleza mama namna ya kuchanganya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Lugha unayodai kuijua lazima ibebe haya yote bila kukwama: pakiti moja nzima, lita moja ya maji safi, koroga hadi iyeyuke, mpe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe, akitapika subiri dakika kumi kisha endelea polepole, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Wengi hukwama kwenye "lita moja", kwa kuwa lugha ya nyumbani hupima kwa vyombo. Mhudumu mzoefu huomba aone chombo chenyewe na kupima mbele ya mama kwa chupa anayoijua ujazo wake, kisha humwomba mama aeleze kwa maneno yake atakavyofanya kesho asubuhi. Usimwulize "umeelewa?" Jibu la swali hilo ni ndiyo katika kila lugha.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja unatosha. Barua ya mwombaji wetu, baada ya hesabu zote hizi, sehemu ya katikati inaweza kusomeka hivi:

"Ninahudumia eneo la kaya 91 (zilikuwa 96, tano zimehama na zimethibitishwa). Katika mwezi wa mwisho uliokamilika nilifanya ziara 131 na kuzifikia kaya 82. Tisa zilikutwa zimefungwa mara mbili. Kati ya watoto 62 wa miezi 6 hadi 59 walioandikishwa, nilipima mzingo wa mkono wa 51. Saba walikuwa kwenye nyumba zilizofungwa na wanne wamehama. Nilitoa rufaa 11: nane zimethibitishwa kwa mrejesho, moja kwa kadi ya mtoto, mbili bado. Ninaandika kwenye rejista nikiwa nyumbani kwa mteja na kujumlisha kutoka kwenye rejista peke yake. Tulipohesabu upya na msimamizi, ripoti ilikuwa imezidisha ziara saba zilizohesabiwa mara mbili siku ya kampeni, nasi tukaisahihisha kwa maandishi. Lugha mbili ninaweza kuzifanyia ziara nzima pamoja na kuomba idhini. Ya tatu ninauliza maswali ya fomu ila nahitaji mkalimani kwa ushauri. Fomu najaza kwa Kiswahili."

Ona kwamba kosa la ziara saba limeachwa ndani. Wengine watakushauri ulitoe. Mimi ningeliacha, kwa sharti kwamba marekebisho yamefanyika kwa njia inayokubalika: namba ya zamani imekatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, mpya imeandikwa juu yake, pembeni kuna tarehe na saini, na kituo kimearifiwa. Rangi ya kufutia haina nafasi kwenye rejista ya afya.

Mdhamini wako wa kwanza awe mtu aliyewahi kuikagua rejista hiyo, hata kama mtu mwingine unayemjua ana cheo kikubwa zaidi. Mpigie kabla hujatuma na umsomee aya hii, kwa sababu shirika likimpigia litamuuliza namba, na akisema kaya zilikuwa 60 wakati wewe umeandika 91, hakuna atakayesubiri kusikia kwamba eneo lilipanuliwa mwezi wa pili. Andika basi tarehe eneo lilipopanuliwa.